Potifolio ya slaidi ya kuombea kazi: jinsi ya kutengeneza kabla na baada inayosimama mbele ya msaili

Mpwa wangu alimaliza diploma ya uvuvi hapa Kigoma, akakaa karibu mwaka mzima anasaidia kwenye eneo la mama mmoja anayeanika dagaa pale Katonga, sasa mwaka jana zikatoka nafasi za afisa wa mradi ngazi ya kijiji, tangazo limeandika kabisa "ambatanisha kazi ulizowahi kufanya". Akanitumia faili lake niliangalie. Slaidi 23! Picha za machweo ya ziwa, picha yake amevaa gamubuti, picha ya vichanja vya kuanikia, halafu maneno kama "niliboresha ubora wa mazao ya uvuvi". Nikampigia simu, akasema shikamoo mjomba umeionaje, nikamwambia marahaba, nimeiona ila bado sijajua umefanya nini.

Nimekaa kwenye meza ya usaili mara kadhaa kwa kazi za miradi huku Kigoma, kwahiyo naandika nilichomfundisha yeye, hatua kwa hatua, nikitumia slaidi yake moja ya dagaa maana ukiielewa hiyo moja zingine unazitengeneza mwenyewe. Namba nimezibadili kidogo kwa sababu ni biashara ya watu, ila hesabu inaenda vilevile.

Hatua ya 1: Chagua kazi tatu tu, na kila moja iwe na kitu kilichopimwa

Chukua karatasi andika kila kazi uliyowahi kufanya, ya kulipwa, ya kujitolea, ya fildi, hata ya dukani kwa shangazi. Mbele ya kila kazi jiulize maswali mawili: kuna kitu kilichokuwa kinahesabika kabla sijaanza? na je kuna mtu alikiandika mahali? Kama majibu yote ni hapana hiyo kazi iache kwenye sivii, kwenye potifolio itakuangusha.

Mpwa wangu alikuwa na kazi nane. Zilizobaki ni tatu: vichanja vya dagaa, daftari la stoku la duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanga, na mafunzo aliyowapa akina mama wa kikundi kimoja kuhusu kupima na kufunga dagaa kwenye pakiti. Ile ya machweo ya ziwa ikaondoka, ingawa alilalamika maana picha ilikuwa nzuri kweli.

Hatua ya 2: Fukua ushahidi kabla hujagusa slaidi

Hapa ndo watu wengi wanaruka wanaenda moja kwa moja kuchagua rangi. Tulia kwanza. Ushahidi wako uko sehemu tatu: kwenye daftari, kwenye picha za simu, na kwenye meseji.

Bahati nzuri yule mama wa Katonga anaandika. Kila siku ya kuanika ana kilo za dagaa waliokauka, na pembeni anaandika kilo ngapi zimeenda "kuku", yaani wale waliojaa mchanga au walioanza kuharibika kwa mvua, ambao anawauza kwa bei ya chini kama chakula cha kuku. Hiyo safu ya "kuku" ndo dhahabu yetu. Mpwa wangu mwenyewe alikuwa hajaiona maana alikuwa anatafuta faida, na faida haikuandikwa popote.

Kuhusu picha: tafuta ile ya orijino kwenye simu iliyopiga, usichukue iliyopita kwenye grupu la wasap. Picha ikipita wasap inabanwa na ile taarifa ya ndani ya tarehe na saa ya kupigwa inaondoka, ukiulizwa ilipigwa lini unabaki unakisia. Ukiifungua orijino kwenye galari na kuangalia maelezo yake unaona tarehe mpaka dakika. Kama orijino iko kwenye simu ya mtu mwingine mwambie akutumie kama dokyumenti, hapo inafika nzima. Na kurasa za daftari nazo piga picha, kwa mwanga wa mchana, wima juu ya ukurasa, herufi zisomeke.

Hatua ya 3: Hakikisha kabla yako na baada yako vinalingana

Hii ndo hatua nitakayokaa nayo muda mrefu kwa sababu hapa ndo slaidi nyingi zinakufa, na zinakufa kimyakimya, msaili hakwambii kitu anakuandikia alama ndogo tu.

Mpwa wangu slaidi yake ya kwanza ilisema hivi: mwezi wa kwanza dagaa wa kuku walikuwa zaidi ya robo, wiki ya kwanza ya mwezi wa tano wakawa asilimia 3 tu. Inapendeza sana kuisoma. Nikamuuliza, mwezi wa tano mvua ilikuwepo? Akanyamaza. Kila mtu wa Kigoma anajua mvua zetu zinaanza kwenye mwezi wa kumi au wa kumi na moja zinaenda mpaka mwezi wa nne hivi, ikifika Mei jua limeshashika. Dagaa wa Mei hata ungemwaga kwenye mchanga angekauka. Yaani sehemu ya mafanikio aliyoyaandika ni ya jua, na msaili yeyote aliyewahi kukaa mwaloni ataliona ndani ya nusu dakika.

Kwahiyo tukarudi kwenye daftari tukatafuta vipindi viwili vinavyofanana. Kwa dagaa wa Tanganyika kuna mambo matatu ya kulinganisha, na kwa kazi yako wewe yatakuwa mengine ila namna ya kufikiri inafanana.

La kwanza ni mvua kama nilivyosema. Vipindi vyote viwili viwe ndani ya mvua au vyote nje ya mvua.

La pili ni mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanafuata mwanga, sasa kukiwa na mbalamwezi taa haina nguvu na wavuvi wengi wanapumzika. Kwahiyo mzigo unaoingia wakati wa giza ni mkubwa na wakati wa mbalamwezi ni mdogo sana. Ukilinganisha wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi unalinganisha msongamano kwenye uanikaji na nafasi tele. Mzigo ukiwa mdogo kila dagaa anapata nafasi yake, anageuzwa vizuri, hasara inashuka yenyewe bila wewe kufanya lolote.

La tatu ni kalenda ya ziwa lenyewe. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mtu akikuletea grafu ya Juni na Julai 2024 inayoonyesha hasara imeshuka karibu na sifuri, imeshuka kwa sababu ziwa lilikuwa limefungwa.

Tulichochagua: kabla ni tarehe 22 Januari hadi 4 Februari 2025, siku 14. Baada ni tarehe 22 Machi hadi 4 Aprili 2025, siku 14 pia. Mwezi ulikuwa mwandamo tarehe 29 Januari na 29 Machi, kwahiyo vipindi vyote viko katikati ya giza. Vyote viko ndani ya mvua. Na kwenye daftari siku zilizonyesha zimeandikwa: kipindi cha kwanza 8, cha pili 7. Kati ya vipindi hivyo viwili ndo vichanja vilikuwa vinajengwa na watu wanajifunza kuvitumia, hizo siku tumeziacha nje kabisa na tumeandika kwamba tumeziacha.

Kuna jambo la nne dogo ila likikosekana linaharibu yote: nani aliyekuwa anaamua huyu ni dagaa mzuri na huyu ni wa kuku? Ni mama yuleyule vipindi vyote viwili. Angekuwa mpwa wangu ndo anachambua kipindi cha pili, ningemwambia asiitumie hiyo namba, maana anayetaka matokeo mazuri mkono wake unakuwa mwepesi kwenye kuchambua hata kama hana nia mbaya.

Hatua ya 4: Namba moja, uiandike kama mtu anavyoongea

Daftari lilitoa hivi. Kabla: kilo 640 zilizokauka, katika hizo kilo 176 zilienda kuku. Baada: kilo 590 zilizokauka, 53 zilienda kuku. Hesabu ni kugawanya tu, 176 kwa 640 unapata asilimia 27.5, na 53 kwa 590 unapata karibu asilimia 9.

Ona kwamba hatujalinganisha 176 na 53 moja kwa moja, kwa sababu mzigo wa pili ulikuwa mdogo kidogo, lazima ugawanye kwa mzigo wake. Halafu kuna mtego hapa wa maneno. Kutoka 27.5 kwenda 9 unaweza kusema hasara imepungua kwa theluthi mbili na ni kweli, unaweza kusema imeshuka pointi 18 na nusu na ni kweli, ila ukiandika "imepungua kwa asilimia 67" peke yake bila namba mbili za mwanzo msomaji atahisi unamficha kitu. Andika zote mbili, ulikotoka na ulipofika, asilimia ya punguzo iache. Sisi tuliandika hivi: "Katika kila kilo 10 zilizokauka, karibu 3 zilikuwa zinauzwa kama chakula cha kuku. Baada ya vichanja, haifiki 1." Mtu wa rasilimali watu ambaye hajawahi kuona mwalo anaelewa.

Mpwa wangu akataka kuongeza pesa, kwamba mama ameokoa shilingi kadhaa. Nikamuuliza bei ya dagaa wa kuku kila siku imeandikwa? Haikuandikwa, na bei ya dagaa hapa inapanda na kushuka kila siku kutegemea mzigo ulioingia. Tukaiacha. Namba usiyoweza kuionyesha ilikotoka ukiiweka inachafua na ile nzuri iliyo pembeni yake.

Hatua ya 5: Picha mbili zinazosema kitu kilekile

Picha yake ya kabla ilikuwa ya karibu, dagaa kwenye mchanga, imepigwa wima, mawingu yametanda. Picha ya baada ilikuwa pana, imepigwa kulala, jua kali, ziwa linang'aa kwa nyuma, na mama anacheka. Hapo macho yanalinganisha hali ya hewa na tabasamu, dagaa hawaonekani tena.

Kama bado hujaanza kazi yako, yaani unasoma hii mapema, basi fanya hivi: weka jiwe au kijiti pale unaposimama, piga simu ikiwa imelala, usawa wa kifua, saa ileile, na weka kitu cha kupimia ukubwa ndani ya picha, ndoo au debe linatosha. Siku ya baada unasimama kwenye jiwe lilelile. Usitumie filta wala usiongeze rangi, dagaa mkavu mzuri ana rangi yake ya fedha na anayewajua atagundua ukiing'arisha.

Kama kabla imeshapita kama ya mpwa wangu, huwezi kurudi nyuma, unachoweza ni kuishusha picha ya baada ifanane na ya kabla. Tulitafuta kwenye simu yake tukapata picha nyingine ya vichanja ya tarehe 27 Machi, mawingu, tukaikata mpaka ikabaki dagaa na wavu wa kichanja kwa ukubwa uleule. Haivutii kama ile ya kicheko. Ila sasa ukiziweka pamoja jicho linaona kitu kimoja tu kimebadilika: huku dagaa wamelala kwenye mchanga na huku wako juu ya wavu, usawa wa kiuno.

Na kama huna kabisa picha ya kabla? Usichukue ya mtandaoni, na usiende kupiga eneo la jirani anayeanika kwenye mchanga ukasema ni lenu. Weka picha ya ukurasa wa daftari upande wa kabla. Inakubalika kabisa, na mimi binafsi nikiiona kwenye usaili namwamini mwombaji zaidi.

Watu waliomo kwenye picha uwaombe ruhusa, uwaambie kabisa itakwenda kwa waajiri. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mashirika mengi yanaangalia hilo hasa kwenye picha za watoto. Njia rahisi ni kukata picha ibaki mikono na kazi. Majina ya wateja na namba za simu kwenye picha ya daftari zifunike kwa karatasi kabla ya kupiga, usizifute kwa ile kalamu ya simu maana zingine bado zinasomeka kwa chini.

Hatua ya 6: Panga slaidi yenyewe

Tumia chochote ulichonacho, Google Slides kwenye simu inatosha na ni bure. Slaidi ilale, ile saizi ya 16:9.

Juu kabisa, pale ambapo watu wanaandika "Mradi wa 1: Vichanja", andika sentensi nzima yenye matokeo. Ya mpwa wangu ilisomeka: "Vichanja vilipunguza dagaa wanaoharibika kutoka 27.5% hadi 9% wakati wa mvua." Mtu akisoma vichwa vya slaidi peke yake bila kufungua macho kwenye kitu kingine awe ameshajua habari yote.

Katikati picha mbili, kushoto KABLA kulia BAADA, zina upana sawa na urefu sawa, na chini ya kila moja tarehe yake. Maneno KABLA na BAADA yaandikwe, usitegemee nyekundu na kijani, kwa sababu faili lako kuna uwezekano mkubwa litachapwa kwa printa nyeusi na nyeupe pale steshenari na rangi zote zitakuwa kijivu, na wapo watu wasiotofautisha hizo rangi mbili.

Chini ya picha weka nguzo mbili za grafu, 27.5 na 9, zianzie sifuri. Ukianzisha mhimili kwenye 5 nguzo ya pili itaonekana fupi kuliko ilivyo, na anayejua grafu atakuona mjanja. Hakuna haja ya nguzo za pande tatu wala kivuli.

Halafu mwisho kabisa mstari mmoja wa maandishi madogo kidogo, huu ndo watu hawaweki na mimi ndo nausoma wa kwanza: "Siku 14 kila kipindi, wakati wa giza, siku za mvua 8 na 7. Namba kutoka daftari la uanikaji, uchambuzi umefanywa na mtu yuleyule." Hapo umejibu maswali yangu manne kabla sijauliza.

Maandishi ya kawaida yasishuke saizi 24 na ule mstari wa chini usishuke 16, kwa sababu msaili anafungua kwenye simu akiwa kwenye gari anaelekea Kasulu, hana kompyuta ya mezani mbele yake.

Hatua ya 7: Sema wewe ulifanya nini

Mpwa wangu kila mahali aliandika "tuli". Tulijenga, tulipima, tuliboresha. Nikamwambia mwanangu, niambie ukweli, nani alijenga? Fundi seremala. Nani alilipa? Mama. Wazo la vichanja ulilianzisha wewe? Hapana, wapo watu mwalo mwingine wanavyo miaka mingi. Sasa wewe?

Ikaja kwamba yeye ndo aliyepima eneo na kuchora vichanja vitatu vya urefu wa mita moja kutoka chini ili mtu aanike bila kuinama na hewa ipite chini ya wavu, yeye ndo aliyeweka utaratibu wa kumwaga dagaa tabaka moja tu wasipandane, na yeye ndo aliyenunua nailoni na kumpangia zamu kijana wa kufunika mvua ikianza. Na ndo aliyeanza kuandika siku za mvua kwenye daftari. Hiyo ni kazi kubwa! Tukaandika pembeni ya grafu: "Kazi yangu: nilichora na kusimamia, niliweka utaratibu wa kuanika na kufunika, nilipima matokeo. Ujenzi: fundi. Mtaji: mwenye eneo." Ukigawa kazi hivo hakuna anayekupunguzia alama, na siku wakimpigia mama kumuuliza habari zako maneno yatalingana.

Pia tukaongeza sentensi moja ya mpaka wa ile kazi: mvua ikinyesha siku tatu mfululizo kichanja hakisaidii, dagaa chini ya nailoni wanavunda vilevile, na hizo kilo 53 nyingi zilitoka siku za namna hiyo. Hii sentensi ndo iliyofanya nione kwamba kweli alikuwepo pale.

Hatua ya 8: Kazi zile zingine mbili na mpangilio wa faili zima

Ile ya stoku ilifuata mtindo uleule kwa haraka: kabla, picha ya ukurasa wa daftari wenye saruji na misumari vimechanganyika, na tofauti ya kuhesabu mwisho wa mwezi, baada, jedwali la safu tano kwenye Excel na tofauti mpya. Miezi miwili ya kiangazi yote, kwa sababu ujenzi unapungua kwenye mvua. Ile ya mafunzo ya kufunga pakiti haikuwa na kabla iliyoandikwa, kwahiyo tumeiweka bila asilimia yoyote, picha ya pakiti ya zamani na pakiti mpya yenye uzito na tarehe, na maelezo ya alichofundisha, basi. Usilazimishe.

Faili zima likawa slaidi 6. Ya kwanza jina, kazi anayoomba, na vile vichwa vitatu vya matokeo. Halafu dagaa slaidi mbili, ya pili yake ikiwa ni picha ya ukurasa wa daftari. Stoku moja, mafunzo moja, na ya mwisho simu, barua pepe na wadhamini waliokubali kupigiwa.

Hatua ya 9: Uzito wa faili na kulituma

La kwanza lilikuwa MB 48, na Gmail haibebi kiambatisho zaidi ya MB 25, na hata kingepita ofisi nyingi mtandao wao haupendi. Sababu ni picha za simu, kila moja MB 4 au 5. Hapa sasa ile kopi iliyobanwa na wasap ina faida, inatosha kabisa kuwekwa kwenye slaidi, ila orijino uitunze. Kama uko kwenye PowerPoint bonyeza picha, nenda `Picture Format`, halafu `Compress Pictures`, chagua 150 ppi. Sisi lilishuka likawa chini ya MB 3.

Tuma pdf, usitume faili la slaidi lenyewe maana fonti zinahama na grafu inakaa juu ya picha. Kwenye Google Slides ya kompyuta ni:

```
File > Download > PDF Document (.pdf)
```

Jina la faili liwe jina lako na kazi unayoomba, si "potifolio final 3 mpya". Ukituma kwa wasap tuma kama dokyumenti. Halafu lifungue mwenyewe kwenye simu ya mtu mwingine, simu ya bei ndogo ikiwezekana, uone kama ule mstari wa chini unasomeka bila kukuza.

Hatua ya 10: Lijaribu kwa mtu asiyejua

Mpe mtu slaidi ya dagaa kwa sekunde 20, mnyang'anye simu, muulize nini kilibadilika na nani alikibadilisha. Tulimpa jirani yangu mwalimu wa Kiswahili. Mara ya kwanza akasema "dagaa wamepungua", kwa sababu tulikuwa tumeandika kilo 640 na 590 kwa herufi kubwa juu ya grafu, na yeye akashika hizo. Tukazishusha kilo kwenye ule mstari wa chini, tukaacha asilimia peke yake juu. Mara ya pili tukampa mke wake, akasema "dagaa wa kuharibika wamepungua, kijana wenu ndo alipanga uanikaji". Hapo ndo tulipofunga faili.

Siku ya usaili alienda na lile daftari lenyewe, aliliazima kwa mama akalifunga kwenye mfuko wa nailoni, ukurasa wa Januari na wa Machi ameuwekea karatasi. Alinipigia jioni akasema mjomba, yule baba wa katikati aliuliza swali moja tu, mwezi wa tatu mvua ilinyesha siku ngapi, nikamfungulia.